Kopo la samaki linalia "tok" nikilibonyeza: linauzika au halifai?

#1 Duka la Kona

Wakuu, mwangaluka. Nimechukua katoni ya samaki wa sosi ya nyanya kwa jumla, makopo 24 ya gramu 425. Bei ilishuka kwa sababu katoni ilikuwa imepondeka pembe moja. Nilipopanga dukani hapa Buzuruga nikakuta makopo mawili yamebonyea: moja ubavuni katikati, lingine juu kabisa kwenye ukingo wa kifuniko. Hayo mawili nikibonyeza kwa dole gumba yanalia "tok". Lipo na la tatu linalia hivyohivyo, ila hilo halina hata mkwaruzo.

Kifunikoni kuna maandishi haya. Mstari wa kwanza umegongwa kwenye bati lenyewe, miwili ya chini ni ya wino:

```
L 4218 B 2
PRO 05/08/2024
EXP 05/08/2027
```

Naomba kujua mambo mawili. Yapi kati ya haya matatu niweke pembeni? Na hiyo L 4218 maana yake nini?

#2 Mwana Kirumba

Mtu upo Mwanza, Mwaloni ni dakika chache kwa daladala, halafu unahangaika na samaki aliyefungiwa gizani tangu 2024. Sato wamekukosea nini?

#3 Duka la Kona

@Mwana Kirumba sato hakai rafuni miezi sita mkuu. Na wateja wangu wengine ni wa kwenda visiwani, wanataka cha kufungasha.

#4 Fundi Bati

Kabla ya kujibu, tusaidie vipimo. "Tok" zipo za aina nyingi na hukumu yake si moja.

Weka kopo mezani kivulini, lipoe kabisa, usilipime likiwa limetoka juani. Kisha angalia kwanza bila kugusa: weka rula au ukingo wa kadi ya simu juu ya kifuniko. Kopo zima lina kifuniko kilichozama kidogo katikati, kwa sababu kiwandani linafungwa likiwa na mvuke au moto, likipoa linavuta ndani. Kama rula inakaa kwenye ukingo pande zote na katikati kuna nafasi, vizuri. Kama katikati imefika kwenye rula au inainyanyua, hapo kuna neno.

Halafu bonyeza kifuniko huku mkono mwingine ukishika kitako. Sema kwa kila kopo: kifuniko kikishuka, kinabaki chini au kinarudi? Na kikishuka, kitako kinasukumwa nje? Kopo ambalo ukisukuma huku linatokea kule limeshapoteza mvuto wake wa ndani, na huenda lina gesi. Likivimba pande zote mbili hata bila kuguswa, usibonyeze tena, usitoboe.

Lile la ukingoni, hata kabla ya majibu, litoe. Nitaeleza sababu.

#5 Babu Igogo

Msitishane. Hizo namba ni rahisi: 4 ni mwaka 2024, 218 ni siku ya 218 ya mwaka, yaani tarehe 6 Agosti. B ni zamu ya pili, 2 ni mashine. Maana yake tarehe ya wino imekosewa siku moja, ni uzembe wa kiwanda tu.

Na kopo lililobonyea ukilichemsha dakika kumi kila kitu kinakufa. Kama una wasiwasi litikise sikioni. Likicheza maji ndani, limeoza. Likiwa zito kimya, ni zima.

#6 Nyakato Moja

Babu, hesabu yako ni ya mwaka wa kawaida. 2024 Februari ilikuwa na siku 29. Jumlisha: 31, 29, 31, 30, 31, 30, 31, unafika 213 mwisho wa Julai. Bakiza 218 toa 213, ni 5. Kwa hiyo siku ya 218 ni tarehe 5 Agosti, na wino uko sawa.

Tena hapo ndipo namba ya kugongwa inapokuwa na faida. 05/08 peke yake huwezi kujua kama ni tarehe 5 mwezi wa 8 au tarehe 8 mwezi wa 5, maana kuna nchi zinaanza na mwezi. Kama ingekuwa 8 Mei 2024 namba ingekuwa 129. Imeandikwa 218, basi ni Agosti. Kuna viwanda vinaandika mwaka kwanza, 20240805, hao hawachanganyi mtu.

#7 Fundi Bati

@Nyakato Moja uko sahihi. Niongeze tu kwamba si kila kiwanda kinafuata mtindo huo. Wengine wanatumia herufi kwa mwezi, A Januari, B Februari na kuendelea, na wapo wanaoruka herufi I isifanane na namba moja. Wengine namba yao ni ya tangi au ya bidhaa, haina tarehe kabisa. Kwa hiyo usitafsiri namba kwa kukisia. Tafuta tarehe ya wino kwanza, kisha uone kama namba ya kugongwa inakubaliana nayo. Zikikubaliana kama hapa, umepata ushahidi mara mbili.

@Babu Igogo hayo mawili ya mwisho hapana. Kutikisa hakusemi kitu: samaki wa maji chumvi atacheza hata akiwa mzima, na wa sosi nzito atanyamaza hata akiwa ameharibika. Kuhusu kuchemsha, umeshika nusu ya jambo. Sumu ya botulizimu kweli huharibiwa na moto wa kuchemka kwa dakika kadhaa. Mbegu za kijidudu chenyewe haziuawi na sufuria, ndiyo maana kiwandani wanapika makopo kwenye mtungi wa presha nyuzi 121 hivi. Na ipo sumu nyingine ya samaki, histamini, ambayo kuchemsha hakuigusi. Zaidi ya hapo, ukichemsha kopo lililofungwa na lenye gesi unatengeneza bomu jikoni.

Sasa ukingo. Pale kifuniko kinapokutana na mwili wa kopo, bati limekunjwa mara mbili likaumana: ukikata pale utahesabu matabaka matano, matatu ya kifuniko na mawili ya mwili, katikati pamepakwa utomvu wa mpira. Hakuna solda, hakuna gundi nyingine. Kopo likidondokea pale, kulabu hizo mbili zinaachana kidogo, upana ambao jicho halioni. Na kwa kuwa ndani kuna mvuto, kopo linanyonya hewa na unyevu wa nje, na vijidudu vinaingia nao. Baadaye utomvu unaweza kuziba tena, kopo likaonekana kavu na zima. Ndiyo maana la ukingoni halipewi nafasi ya kujitetea.

La ubavuni ni jambo jingine. Pitisha kidole. Kama bonde ni la mviringo, halina kona kali, na kidole hakilali ndani yake, linalika. Kama kidole kinazama, au kuna mkunjo mkali kama wa karatasi, bati la ndani limepasua rangi yake ya kinga na kutu itaanzia hapo, kwa hiyo liache. Na kama kopo lina mshono wa wima ubavuni, bonde likiwa juu ya mshono huo lihesabu kama la ukingoni.

#8 Mama Lishe Igoma

Nami nina swali kama la huyo kaka. Nilifungua nyanya ya kopo, ndani kwenye bati kuna weusi weusi, nikamwaga yote. Je, ndiyo hiyo sumu mnayosema? Na kwenye kopo jingine la samaki niliwahi kuona vipande kama vya chupa, vinang'aa. Nilirudisha dukani, muuzaji akasema ni chumvi. Nikamwona mwongo.

#9 Fundi Bati

Mama, kwa vipande vya chupa muuzaji alikosea jina, ila huenda hakukosea sana jambo. Nyama ya samaki ikikaa kwenye kopo hutengeneza fuwele ngumu zinazofanana na kioo, zinaitwa struviti. Kupima: weka kipande kwenye siki au ndimu, pasha moto kidogo, subiri dakika chache. Struviti inayeyuka au inaanza kulika, kioo hakibadiliki. Kisipobadilika usile kilichobaki, na urudishe kopo pamoja na kipande.

Weusi hutegemea ni wapi. Doa jeusi lililotandaa kwenye bati la kopo la samaki mara nyingi ni salfa ya nyama iliyokutana na chuma, haidhuru. Kwenye nyanya ni tofauti, nyanya ina uchachu. Ukiona rangi ya ndani imebabuka na bati limetoboka vidonda, hapo uchachu umekula chuma. Kumwaga hukukosea.

#10 Jiwe Kuu

Mnaruka jambo lililo wazi. Makopo haya yalifungwa pwani ya nchi fulani, usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu. Hewa hapa inasukuma kidogo kuliko Dar, pungufu karibu asilimia 12 au 13. Kifuniko kilichokuwa kimezamishwa na hewa ya nje kule pwani, hapa kinasukumwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo kinalegea. Ongeza paa la bati na jua la saa nane, kinatoka kabisa. Duka la Kona, makopo yako yamepanda mlima tu, hayaumwi.

#11 Ukara Kisiwani

@Jiwe Kuu kama ni mlima, makopo yote 24 yamepanda lori moja. Mbona 21 hayalii?

#12 Jiwe Kuu

Kwa sababu hayakujazwa sawasawa. Kopo lililojazwa hadi juu lina nafasi ndogo ya hewa na mvuto mdogo, hilo ndilo linalegea kwanza. Na bonde la ubavuni lenyewe linapunguza nafasi ya ndani, linasukuma kifuniko. Mawili yamebonyea, moja limejazwa sana, hesabu imetimia.

#13 Fundi Bati

Jiwe Kuu, unachosema kinawezekana na kwenye milima kinajulikana. Tatizo ni kwamba kidole gumba hakitofautishi kopo lililopanda mlima na kopo lililoanza kutengeneza gesi juzi. Yote mawili yanalia "tok".

Na kwa sosi ya nyanya lipo jambo la tatu: uchachu ukila bati unatoa hidrojeni, kopo linavimba bila kijidudu chochote. Hiyo huja polepole, kwa kawaida kwenye makopo ya zamani, karibu na mwisho wa muda. Kwa hiyo tarehe inatusaidia kukisia, lakini haitoi hukumu.

#14 Duka la Kona

Nimerudi na majibu. Nimeyaweka sakafuni usiku kucha, nimepima saa moja asubuhi na tena saa tisa alasiri.

La ubavuni: asubuhi kifuniko kimezama, rula ina nafasi. Alasiri pia. Linalia tu nikibonyeza kwa nguvu, kitako hakitoki. Bonde ni la mviringo, kidole hakilali.

La ukingoni: asubuhi na alasiri, nikisukuma kifuniko kitako kinatoka, nikisukuma kitako kifuniko kinatoka.

Lile lisilobonyea: asubuhi kifuniko kiko sawa na rula, hakijazama wala hakijavimba. Alasiri kimenyanyuka kidogo, nikikibonyeza kinashuka na kubaki chini.

Sasa kituko. Nimesoma namba za yote 24. Makopo 23 yana L 4218 B 2. Lile lisilobonyea lina hivi:

```
L 3340 B 2
PRO 05/08/2024
EXP 05/08/2027
```

#15 Mwana Kirumba

Hii sasa imekuwa kesi. Endeleeni, natafuta kiti.

#16 Nyakato Moja

Kwa hesabu ileile: 3 ni 2023, siku ya 340. Mwaka ule haukuwa mrefu, mwisho wa Novemba ni 334, bakiza 6. Kwa hiyo bati linasema 6 Desemba 2023, wino unasema 5 Agosti 2024. Tofauti ni miezi minane. Kwa muda wa miaka mitatu, kopo hili lilipaswa kuisha 6 Desemba 2026.

Duka la Kona, liangalie wino kwa karibu. Mashine ya kiwandani inarusha nukta, kila herufi imejengwa kwa vidoti unavyoweza kuvihesabu. Muhuri wa mkono unatoa mstari mzima usio na nukta, mara nyingi mnene katikati na mwembamba pembeni. Kisha geuza kopo kwenye mwanga: kama wino wa kwanza ulifutwa kwa dawa ya kuyeyusha rangi, mng'ao wa bati pale unakuwa umefifia, kama kioo kilichopumuliwa. Linganisha na kopo jirani, usitazame moja peke yake.

#17 Babu Igogo

Au kiwanda kilitumia vifuniko vya akiba. Vifuniko vinatoka kwa mtengenezaji mwingine, vinakuja na namba yake. Namba ya bati ni ya kifuniko, siyo ya samaki. Hapo hamna wizi.

#18 Nyakato Moja

Babu, kama namba ya bati ni ya mtengenezaji wa vifuniko, imekuwaje kwa makopo 23 iangukie siku ileile ya wino, hadi tarehe? Hiyo bahati ni kubwa mno.

#19 Babu Igogo

Mashine ya kugonga inabadilishwa namba kwa mkono kila asubuhi. Kuna kifuniko kiligongwa Desemba, kikadondoka chini ya mashine, kikaokotwa Agosti. Umewahi kuona kiwanda kisicho na kitu chini ya mashine?

#20 Fundi Bati

Hilo la Babu si la kucheka, vifuniko vilivyogongwa kabla huwa vinabaki. Lakini kuna maelezo mengine mepesi zaidi: katoni ilipondeka, mtu wa jumla akatoa kopo lililopasuka, akajazia la katoni nyingine. Hapo tarehe ya wino ingekuwa tofauti pia, na haiko. Kwa hiyo ama ni kifuniko cha akiba, ama wino umebadilishwa. Angalia nukta.

#21 Bwana Mizani

Wakati mnasubiri nukta, naomba nichepuke kidogo. Mtu ananunua gramu 425 akidhani ananunua samaki gramu 425. Tafuta namba ya pili kwenye lebo, uzito wa samaki bila mchuzi. Kopo la 425 la sosi ya nyanya mara nyingi linaandikwa 235 hivi. Yapo yanayoandika pungufu, na yapo yasiyoandika kabisa. Hayo ya mwisho mimi nayaacha rafuni.

Tuseme kopo moja ni shilingi 5,000 na lina samaki gramu 235. Jingine ni 4,500 na lina gramu 180. La kwanza gramu moja ya samaki ni shilingi 21 na senti, la pili ni 25. Rahisi ndiyo ghali. Kujipimia: mwaga kopo kwenye chujio, ongeza maji ya uvuguvugu kuondoa sosi, acha dakika mbili lichuruzike, pima.

Kisha soma viungo. Vinaandikwa kwa uzito, kikubwa kinatangulia. Ukiona samaki, maji, nyanya, halafu wanga au E1422, ujue sosi ni maji yaliyokazwa kwa wanga. Si sumu, ila usidanganywe na unene wake. E412 na E415 nazo ni za kukaza. E621 ni ile ya kuongeza ladha.

#22 Mama Lishe Igoma

Kumbe ndiyo maana ukiongeza maji mchuzi unakuwa kama uji wa mgonjwa! Wabeja, Bwana Mizani. Na jina la samaki? Mengine yanaandika samaki tu.

#23 Bwana Mizani

Tafuta jina la Kilatini kwa herufi za kulala. Scomber ni wa jamii ya vibua, Sardinella au Sardinops ni wa jamii ya dagaa wakubwa, Katsuwonus ni jodari. Lebo inayosema samaki bila jina lolote inaweza kuwa na yeyote. Hawa wote ni wa baharini, msitafute sangara humo. Viwanda vya hapa kwetu kazi yake ni minofu, kopo si fani yao.

#24 Ukara Kisiwani

Fundi Bati aligusa histamini akapita. Hiyo mimi naiona ndiyo inayowapata watu wengi kuliko botulizimu, na wanasema wana mzio wa samaki wa kopo. Vibua, jodari na dagaa wa bahari wakikaa juani kabla ya kiwanda, vijidudu vinageuza nyama kuwa histamini. Kopo linapikwa, vijidudu vinakufa, histamini inabaki. Kopo halivimbi, halinuki, namba zake zimenyooka. Ukila unasikia kama pilipili mdomoni ambayo hukuiweka, uso unawaka, kichwa kinagonga, ndani ya saa moja.

Kwa hiyo haya yote ya kubonyeza na rula hayaikamati.

#25 Fundi Bati

Kweli kabisa, dukani hakuna wa kuikamata. Mezani mtu wa kwanza akihisi ule mwasho, wengine waache kula, na namba za kopo zihifadhiwe, maana makopo ya siku hiyo na zamu hiyo yanaweza kuwa na samaki wa boti ileile.

Botulizimu ni nadra lakini haina mwasho wala harufu ya kutegemea. Dalili zake huanza mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36: kuona vitu viwiliviwili, kope kudondoka, ulimi mzito, kushindwa kumeza. Hapo ni hospitali mara moja, na kopo liende nalo likiwa ndani ya mfuko. Watu wanaonja kwa ncha ya ulimi ili kuhakikisha. Msionje.

#26 Jiwe Kuu

Sawa, lakini kwa lile la ubavuni nimeshinda. Limezama asubuhi na alasiri.

#27 Fundi Bati

Hilo nakupa. Kifuniko kimezama, bonde la mviringo, mbali na mshono. Lile ni zima. Auze lakini ale mapema, na asilipange chini ya mengine 10.

#28 Mwana Kirumba

Auze tena ale? Mteja akifika atakuta kijiko tu.

#29 Duka la Kona

Nimetazama wino kwa tochi ya simu. Makopo 23 yana nukta. Lile la 3340 nalo lina nukta, ila nukta zake zimesongamana zaidi na mstari umepinda kidogo kushoto. Mng'ao sioni kama umefifia. Ila kuna kitu: pembeni ya tarehe makopo mengine yana saa ndogo, 09:41, 09:41, 09:42 na kuendelea. Hili halina saa.

#30 Nyakato Moja

Bila saa! Hapo mimi nimemaliza. Mashine ndogo ya mkononi ya kuchapa tarehe nayo inarusha nukta, siku hizi inapatikana. Kukosa saa na kupinda ni mkono wa mtu.

#31 Babu Igogo

Au kopo lilichelewa kwenye mkanda, mashine ikaliruka, mfanyakazi akalichapa kwa mkono pale pale kiwandani. Kifuniko cha akiba, wino wa akiba. Mimi bado nalitetea.

#32 Ukara Kisiwani

Babu, hata tukikubali, linapanda alasiri. Kama ni la Desemba 2023 basi limekula nyanya miezi minane zaidi ya wenzake, na hidrojeni ya Fundi inaingia hapo. Kama ni la Agosti, basi ni mlima wa Jiwe Kuu au ni kijidudu. Njia zote hizo, nani atalifungua?

#33 Mama Lishe Igoma

Apeleke TFDA wapime.

#34 Nyakato Moja

Mama, mambo ya chakula yalihamia TBS tangu 2019. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, sasa inaitwa TMDA. Kwa tarehe zinazopishana, TBS ndiyo mlango. Peleka kopo zima, usifute wala kubandua kitu, pamoja na katoni na risiti.

#35 Fundi Bati

La ukingoni ambalo halina la kuchunguzwa: usitoboe kutoa gesi, usimpe paka wala nguruwe. Lifunge kwenye mifuko miwili, kaza kwa gundi, lizikwe au litupwe pasipo mtu wa kuliokota. Andika "bovu" kwa kalamu ya wino mzito, maana wapo wanaookota. Likivuja rafuni, osha kwa maji yenye klorini na tupa kitambaa.

Na hayo 21 yafute vumbi, yageuze kichwa chini juu ya gazeti hadi kesho. Duara la mafuta likitokea kwenye gazeti, hilo kopo linafuata la ukingoni. Kutu ikifutika kwa kitambaa si neno. Kutu yenye vishimo ukipitisha ukucha, litoe.

#36 Duka la Kona

Shukrani wakuu. Gazeti nimetandaza. La ukingoni limefungwa. La 3340 nimelifungia kwenye droo na risiti, Jumatatu naenda nalo. Mtu wa jumla nimempigia, anasema katoni aliipokea ikiwa imefungwa kwa gundi ya kiwanda.

#37 Nyakato Moja

Gundi ya kiwanda ina chapa au ni ya kahawia tupu?

#38 Duka la Kona

Kahawia tupu. Ila chini yake kuna kipande kingine kimebaki, chenye maandishi mekundu yaliyokatika. Naona herufi mbili tu.

#39 Mwana Kirumba

Babu, tetea na hiyo.

#40 Babu Igogo

Subirini kwanza TBS waseme. Na gazeti limeonyesha nini?